Samaki Wakiwa Kundi: Jinsi Msafara wa Meli Ulivyoikabili Nyambizi

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie vita vya nyambizi, na nimepewa muda mfupi, basi nianze na swali.

Una meli 36 za shehena. Bahari unayotaka kuivuka ina nyambizi za adui, hujui ziko wapi. Utazituma moja moja, kila moja na njia yake na siku yake, au utazikusanya ziende pamoja?

Niliwahi kuliuliza swali hili mbele ya wavuvi, na mzee mmoja akanijibu bila kusita: "Mwanangu, samaki wakiwa kundi ndipo mvuvi anapofurahi. Mimi ningewatawanya." Jibu lina akili, na wala hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza walifikiri vivyo hivyo. Walikosea, na kosa lao liligharimu meli mamia. Ili tuone walikosea wapi, lazima kwanza tujue nyambizi ni chombo gani.

Nyambizi ya vita vile, ya Vita Kuu ya Kwanza au ya Pili, si samaki. Ni mashua yenye uwezo wa kujificha chini ya maji kwa muda. Juu ya maji hutumia injini za dizeli, na dizeli inataka hewa. Ikizama, injini huzimwa na chombo kinaenda kwa betri. Chukueni ile nyambizi ya Kijerumani iliyotumika zaidi katika Vita Kuu ya Pili, aina ya saba. Juu ya maji ilikimbia noti 17, yaani maili 17 za baharini kwa saa. Chini ya maji haikufika noti nane, na ikikimbia hivyo betri ilikwisha upesi mno. Ilipotaka kudumu, ilitambaa kwa noti nne, na ilipofika kama maili 80 ilikuwa haina budi kuibuka na kuchaji betri tena.

Sasa meli ya shehena ya wakati ule ilikwenda noti nane, tisa au kumi. Basi nyambizi iliyozama haimfukuzi mtu. Meli ikishampita, imempita. Nyambizi inapaswa iwe tayari mbele ya njia ya meli, imetulia, imetoa periskopu yake, lile bomba la kuonea, inchi chache juu ya maji, ikingoja. Na kwa kupitia periskopu haioni mbali. Huyu mwindaji ni mtegaji, na mtegaji hula kile kinachopita mbele ya mtego wake tu.

Hapo ndipo hesabu ya mvuvi wetu inapoharibika. Mvuvi ana jarife, na kundi likiingia analivuta lote. Nyambizi haina jarife, ina mishale. Ile aina ya saba ilikuwa na matundu manne ya topido, yaani kombora linalojiendesha majini, kwenye omo, mbele, na moja kwenye tezi, nyuma. Ikishafyatua, kupakia upya chini ya maji ni kazi ya muda mrefu, na wakati huo huo wasindikizaji, yaani manowari zinazozilinda meli, wameshaamka. Ikikutana na meli moja huzamisha moja. Ikikutana na meli 36, inapiga moja, pengine mbili au tatu, halafu inashughulika kuiokoa roho yake.

Lakini jambo kubwa zaidi ni kuonekana. Tuseme moshi wa meli moja unaonekana kutoka kilomita 16. Kila meli inayosafiri peke yake imezungukwa na duara la kilomita 16, na nyambizi yoyote ndani ya duara hilo itaiona. Meli 36 zilizotawanyika ni maduara 36 yanayotembea baharini, siku baada ya siku. Ukizipanga pamoja kwenye safu tisa zenye meli nne nne, upana wa kundi zima ni kama kilomita saba. Duara lake sasa lina nusu kipenyo cha kilomita 20 hivi. Maduara 36 yamekuwa moja, tena lililokua kidogo tu. Nyambizi zile zile ambazo jana ziliona moshi kila siku, leo zinakaa wiki nzima bila kuona kitu. Makamanda wa Kijerumani walilalamika hivyo hasa baada ya misafara kuanza: bahari ilikuwa tupu.

Kwa nini Waingereza hawakuliona hili mapema? Kuna kisa kinachonichekesha kila nikikikumbuka, ingawa hakichekeshi. Walisema misafara haiwezekani kwa sababu meli ni nyingi mno. Takwimu zao zilionyesha meli 2,500 zinaingia bandari za Uingereza kila wiki, na idadi kama hiyo zinatoka. Nani atazisindikiza zote? Afisa mmoja, Reginald Henderson, akaenda kuchunguza hesabu hiyo. Akakuta imejumlisha kila chombo kidogo cha pwani, hata vile vinavyotoka bandari hii na kuingia ile ya jirani kwa siku moja. Ni kama mtu ahesabu kila mara feri ya Likoni inapovuka, aseme Mombasa inapokea maelfu ya meli za kigeni. Meli za bahari kuu zilizoingia zilikuwa baina ya 120 na 140 kwa wiki. Zile zilisindikizika. Mwezi Aprili 1917 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kati ya meli nne kubwa zilizotoka Uingereza, moja haikurudi. Mwezi Mei misafara ya majaribio ikaondoka, mmoja Gibraltar na mwingine Marekani. Baada ya hapo, mpaka vita vinakwisha, meli za bahari kuu zilizopotea ndani ya misafara hazikufika moja kwa mia.

Haya, sasa tuupange msafara wenyewe, ule wa Vita Kuu ya Pili.

Kabla ya kung'oa nanga, manahodha wote waliitwa kwenye mkutano. Hawa ni watu wa biashara, kila mmoja mfalme wa meli yake, wengine hawasikilizani lugha, na wengi hawajawahi kusafiri mita mia chache kutoka tezi ya mwenzao usiku bila taa. Waligawiwa bahasha: njia, kasi, ishara za bendera, na mahali pa kukutana kama wakitawanyika. Kasi ya msafara ilikuwa kasi ya meli iliyo goigoi kuliko zote, na ndiyo sababu Atlantiki ilikuwa na misafara ya haraka na misafara ya polepole, isichanganywe.

Kisha uongozi. Msafara ulikuwa na wakubwa wawili, na vijana mnaopenda sinema mara nyingi hamlijui hili. Komodoo alipanda meli mojawapo ya shehena, kwa kawaida safu ya katikati, mbele. Mara nyingi alikuwa amirali mstaafu, mzee aliyerudi kazini kwa hiari. Yeye aliziamuru meli za biashara: geukeni, punguzeni, fungeni safu. Mkubwa wa wasindikizaji alikuwa kwenye manowari, mara nyingi kijana kuliko komodoo na cheo chake kidogo, lakini ulinzi wote ulikuwa wake, na katika hilo yule mzee alimtii. Mambo mengi ya msafara yaliharibika au yakanyooka kutegemea kama hawa wawili walielewana.

Umbo la msafara lilikuwa pana, si refu. Mtu asiyejua angedhani meli zinafuatana kama siafu. La. Safu zilisimama bega kwa bega, mita 900 hivi kutoka safu hadi safu, na ndani ya safu meli ilimfuata mwenzake kwa mita 400 mpaka 600. Kila safu ilikuwa fupi, meli nne au tano tu. Sababu ni kwamba topido hulengwa vizuri kutoka ubavuni, ambako meli inaonyesha urefu wake wote. Msafara mrefu unampa adui ubavu mrefu. Msafara mpana na mfupi unampa omo nyingi, na omo ni nyembamba. Meli za mafuta na za baruti ziliwekwa ndani, katikati ya safu, ili za nje ziwe kama ukuta. Kila meli ilikuwa na namba ya tarakimu mbili: 52 maana yake safu ya tano, meli ya pili. Nahodha alijua mahali pake kama mtu anavyojua mkeka wake msikitini.

Baharini kulikuwa na sheria ndogo ndogo zenye uzito mkubwa. Usitoe moshi mweusi. Usiwashe taa, hata sigara sitahani. Takataka za jikoni zitupwe usiku tu, kukikaribia kucha zitakuwa zimeachwa mbali, kwani mlolongo wa maganda ya viazi ni njia iliyochorwa kwa adui. Ukungu ukishuka, kila meli iburute boya kwa kamba ndefu nyuma yake, linalorusha maji juu, ili anayefuata aone boya kabla hajaigonga tezi. Na sheria ngumu kuliko zote: mwenzako akipigwa, usisimame. Meli iliyosimama ni shabaha ya pili. Uokoaji una meli yake, iliyopangwa nyuma kabisa, na kama haipo, wasindikizaji wataokoa watakapoweza. Aliyebaki nyuma kwa injini mbovu hakungojwa. Meli zilizobaki nyuma zilikuwa chakula rahisi cha nyambizi, kwa sababu zilikuwa zimerudi kuwa meli moja yenye duara lake.

Niwape hesabu moja zaidi. Meli 36 katika safu tisa zinashika eneo la kilomita saba na kidogo kwa kilomita moja na nusu hivi. Weka wasindikizaji kilomita nne nje yake pande zote. Mzunguko wanaoulinda ni kama kilomita 50. Sasa ongeza meli mara mbili, ziwe 72 katika safu 12 zenye meli sita sita. Mzunguko unakuwa kilomita 57. Meli zimeongezeka maradufu, uzio umeongezeka kwa sehemu moja ya saba! Jambo hili lilifanyiwa hesabu na wanasayansi wa Kiingereza chini ya Patrick Blackett wakati wa vita, na wakubwa walisitasita sana kulikubali, kwa kuwa macho yanakataa. Walipoikubali, misafara ikawa mikubwa na manowari zilizobaki zikapewa kazi ya kuwinda.

Na huyo msindikizaji anawinda vipi? Chombo chake ni sona, ambayo Waingereza wakati ule waliiita asdiki. Inapiga mlio majini, mlio unagonga chuma, unarudi. Hali ikiwa nzuri ilisikia mpaka mita 1,500 au kidogo zaidi. Lakini ilitazama mbele kama tochi. Manowari ikikimbia sana, kelele za maji yake yenyewe zinaizibia masikio. Na ikiisogelea nyambizi kufikia mita 200 hivi, tochi inapita juu ya kichwa cha adui na mlio unapotea. Hapo ndipo pana udhia. Silaha ilikuwa mapipa ya baruti yaliyodondoshwa kutoka tezi, yamewekwa yalipuke kwenye kina fulani. Manowari kwa noti 15 inahitaji sekunde 26 kuzimaliza zile mita 200 za upofu. Pipa linazama mita tatu kwa sekunde, kwa hiyo kufika kina cha mita 60 ni sekunde 20 nyingine. Jumla sekunde 46. Katika sekunde hizo nyambizi inayokwenda noti sita imeshasogea karibu mita 140, na pipa lisipolipuka ndani ya mita chache tu kutoka kwake, halitoboi ngozi yake. Kamanda wa nyambizi mwenye moyo baridi alingoja asikie manowari inaongeza kasi, ndipo akageuka ghafla. Kwa hiyo uwindaji ulichukua saa nyingi, na mara nyingi uliishia patupu. Lakini hata patupu ina faida: nyambizi iliyolazimishwa kukaa chini kwa saa tatu imeachwa maili 30 nyuma na msafara.

Wajerumani waliijua hesabu hii, na jibu lao lilikuwa kuacha kuzama. Walikusanya nyambizi kadhaa, zikashambulia usiku juu ya maji, kwa kasi ya noti 17, ambako sona haisikii kitu. Oktoba 1940 msafara wa SC 7 ulipoteza meli 20 kwa namna hiyo. Dawa yake ilikuwa rada ndogo ya kuwekwa kwenye manowari na ndege za kufika katikati ya Atlantiki, na vyote viwili vilipokamilika, mwezi Mei 1943, Wajerumani waliziondoa nyambizi zao Atlantiki ya kaskazini kwa muda. Hicho ni kisa kirefu, tukiache.

Nataka nirudi nyumbani. Dirisha hili likifunguliwa mnaiona njia ya kuingilia Kilindini. Mwaka 1942, Wajapani walipowasukuma Waingereza kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, manowari zao kubwa zilihamia hapa. Mwaka huo huo, Juni na Julai, nyambizi za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji, nyingi zikisafiri peke yake bila msindikizaji. Moja ya nyambizi zilizokuja baadaye ilikuwa I-27, kamanda wake Toshiaki Fukumura. Ilizoea meli za peke yake. Juni 1943 iliipiga meli ya Kinorwe ndani ya bandari ya Maskati, watu wakiwa ufukweni wanatazama.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara uitwao KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ulikuwa na meli tano za kubeba askari, na mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa huku kwetu waliokuwa njiani kwenda kwenye vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia wa kivita, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi. Wasindikizaji walikuwa watatu: kruza ya zamani Hawkins, na manowari mbili za kasi, Paladin na Petard.

Pimeni wenyewe kwa yale niliyowaeleza. Kruza ni meli ya mizinga, haikuundwa kuwinda nyambizi. Wawindaji wa kweli ni wawili. Ukiwaweka mbele, mbavu ziko wazi. Na maji ya ikweta yana hila yake: jua linapasha maji ya juu, chini yake yako baridi, na mlio wa sona ukifika kwenye mpaka wa tabaka hizo unapinda. Nyambizi inaweza kukaa karibu isisikike.

Jumamosi tarehe 12, mchana, kusini-magharibi mwa Maldivi, I-27 ilijiweka ubavu wa kushoto wa Khedive Ismail. Mlinzi aliiona periskopu, na wapiga mizinga wa meli wakafyatua. Walichelewa. Topido za Kijapani zilikimbia zaidi ya noti 45, na meli ikiwa umbali wa kilomita moja na nusu, kutoka kufyatuliwa hadi kupigwa ni kama dakika moja. Nne zilifyatuliwa, mbili zikapiga. Meli ilizama kabla dakika tatu hazijapita. Mashua za kuokolea hazikupata nafasi ya kushushwa, na waliokuwa vyumba vya chini hawakuwa na njia ya kupanda.

Fukumura akapiga mbizi na kujificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Paladin iliteremsha mashua kuwaokoa. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, akawa na jambo mbele yake ambalo simwombei adui yangu. Nyambizi iko chini ya waogeleaji. Meli nyingine nne zenye maelfu ya askari bado ziko karibu. Akaamuru mapipa yadondoshwe, na baadhi ya waliokuwa wameokoka topido waliuawa na baruti ya upande wao. Katika mpigo wa tatu I-27 ililazimika kuibuka. Paladin ikaiendea kuigonga, ikapasuka ubavu wake yenyewe. Risasi za mizinga hazikuimaliza. Mwishowe Petard ilianza kuirushia topido, moja baada ya nyingine zikakosa, mpaka moja ikafika, na I-27 ikaenda chini na Fukumura ndani yake.

Waliookolewa kutoka Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297, na 77 kati yao ni wanawake; Jumuiya ya Madola haijawahi kupoteza wanajeshi wa kike wengi kiasi hicho kwa tukio moja.

Yule mzee mvuvi, nilipomsimulia haya, aliniuliza: "Basi si bora meli ile ingalikwenda peke yake?" Nilimwambia hapana. Meli zile tano zikienda moja moja, I-27 ingekuwa na nafasi tano, na baada ya kupiga ingeondoka zake kama ilivyoondoka Maskati. Lililopungua kwa KR 8 lilikuwa wasindikizaji wa kuufunga uzio wa mbavuni. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Wawili kwa watu wote wale?"

Mkifika Nairobi, barabara ya Ngong, ingieni makaburi ya vita. Kuna Ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi. Zaidi ya nusu ya majina hayo ni ya watu wa meli ile.